Kitasa cha bafuni: kipi kinafungika kwa ndani lakini mtu akizidiwa kinafunguka kwa nje?

#1 Mjukuu wa Kimara
Wakuu, habari za Jumapili.

Alhamisi bi mkubwa aliteleza bafuni. Ana miaka 71 na sukari anayo. Alikuwa amesukuma komeo kwa ndani, lile la chuma la kupigiliwa, na mlango wenyewe ni mninga. Mwanzo alikuwa anaitikia kwa sauti ya chini, baadaye akanyamaza. Mdogo wangu alipiga bega mara nne, mlango haukutikisika. Ikabidi nikimbie kwa jirani anayejenga kuazima mtaimbo, tukapasua fremu upande wa komeo. Kwa hesabu yangu ilipita nusu saa tangu aite mara ya kwanza.

Yuko salama. Sukari ilishuka, nyonga imevimba, hakuvunjika. Ila sasa bafuni kuna pazia, na yeye anasema haogi nyuma ya pazia katika nyumba yenye mkwe. Komeo sirudishi tena. Mlango una kitasa cha zamani cha funguo ndefu, ufunguo ulipotea mwaka 2016, ndiyo maana komeo likapigiliwa.

Nimepita dukani, muuzaji ananiambia "vyote vinafunguka nje, bosi". Nataka kujua kipi ni kipi, na nitakijaribu vipi kabla sijalipa.

#2 Tulia Kwanza
Pole sana mkuu, mpe pole na mama. Nakaa hapa nisome, maana kwangu komeo ni mawili.

#3 Kamanda Nondo
Achana na vitu vyepesi. Chukua kitasa cha leva tano chenye vyuma vitatu vinavyoingia kwenye fremu, na grili mbele yake. Mwizi atasugua mpaka asubuhi.

#4 Dogo Tundu
Kamanda, mwizi wa bafuni anafuata nini, dodoki? Soma uzi kwanza. Mwenzio anatafuta kitu cha kufungua, wewe unamletea gereza.

#5 Msomi wa Duka
Rahisi hiyo. Nunua kile cha mviringo, chenye kitufe katikati kwa ndani. Vyote upande wa nje vina tundu dogo. Unachomeka waya, kinalia tiki, mlango wazi. Kwangu nimefunga viwili, mwaka wa tatu huu.

#6 Mzee wa Patasi
Msomi, hapo kwenye "vyote" ndipo watu wanapolia. Mimi nafunga milango, nikueleze ninavyoviona.

Vya mviringo viko vya namna tatu na ukiviweka mezani vinafanana kama mapacha. Kuna cha ufunguo kwa nje na kitufe kwa ndani, hicho ni cha chumba. Kuna cha tundu dogo kwa nje na kitufe kwa ndani, hicho ndicho cha bafuni. Na kuna ambacho hakina chochote pande zote mbili, kinashika mlango tu usipige kwa upepo. Muuzaji akiishiwa cha bafuni anakupa cha chumba na kukuambia ni kile kile. Si kile kile. Cha chumba usalama wake wote umebebwa na ufunguo, na mjukuu ameshasema funguo za nyumba yake zinakwenda wapi.

Halafu hilo tundu nalo ni la aina mbili. Kuna la kusukuma: waya unaingia moja kwa moja, unagusa springi, kitufe cha ndani kinaruka. Na kuna la kuzungusha: ndani kabisa mna mfereji mdogo, lazima kitu chenye ncha bapa kiingie kwenye mfereji kisha ukizungushe. Cha aina hii ukikisukuma na waya mpaka kesho hakifunguki, na mtu anadhani kitasa kimeharibika. Kwa kawaida kama kwa ndani unabonyeza, kwa nje unasukuma, na kama kwa ndani unazungusha kijiti, kwa nje nako unazungusha. Ila nimekutana na mchanganyiko, kwa hiyo jaribu.

Dukani fanya hivi. Mwambie akitoe kwenye boksi, kishike mkononi, funga kwa kitufe, shika kirungu cha nje uone kimegoma. Kisha fungua kwa kile kipini kilichomo kwenye boksi. Kama boksi halina kipini, muulize anafungua na nini. Akianza kutafuta njiti ya kiberiti, rudisha.

#7 Mjukuu wa Kimara
Asante Mzee. Sasa hicho kipini si nacho kitapotea kama funguo?

#8 Mzee wa Patasi
Kitapotea wiki ya kwanza. Tafuta spoku, ile njiti ya gurudumu la baiskeli. Unene wake karibu milimita 2, inaingia kwenye matundu mengi, na haipindi kama waya wa kubania karatasi. Usitegemee msumari. Wa inchi mbili ni mnene hauingii, na mwembamba unaoingia ni mfupi haufiki kwenye springi. Kata spoku kama urefu wa kidole cha kati na zaidi kidogo, sugua ncha kwenye sakafu ya saruji isiwe na makali. Kama kitasa chako ni cha kuzungusha, weka ncha juu ya jiwe uigonge na nyundo mpaka iwe bapa kama bisibisi ya fundi saa. Ncha ya pili ikunje juu iwe kitanzi, uitundike kwenye msumari juu ya fremu ya mlango huo huo. Si sebuleni, si kwenye droo. Juu ya fremu, mahali mkono wa mtu mzima unapofika na wa mtoto haufiki.

#9 Mama Neema Wawili
Hapo kwenye mtoto umenigusa. Mwanangu wa pili akiwa na miaka miwili alibonyeza kitufe mlango ukiwa wazi, akausukuma ukajifunga. Bomba la maji ya moto analifikia. Kitasa kilikuwa cha tundu kama anavyosema Mzee, na kipini nilikuwa nacho mkononi, nakiona. Tundu silioni! Fundi rangi alikuwa amepaka vanishi mlango mzima bila kufungua kitasa, tundu likajaa likakauka. Nililikuna kwa pini ya hijabu huku naongea na mtoto aimbe. Aliimba ABC mara sita. Tangu siku ile rangi ikipakwa kwangu natoboa tundu mwenyewe kabla fundi hajalipwa.

#10 Dogo Tundu
Mara sita ABC na mlango bado. Huyo mtoto sasa yuko chuo kikuu bila shaka.

#11 Mama Neema Wawili
Yuko darasa la tatu na bado anajifungia bafuni, ila sasa kwa makusudi, siku ya kuosha vyombo.

#12 Msomi wa Duka
Mama Neema, kitasa kizuri hakiruhusu hivyo. Ukibonyeza kitufe mlango ukiwa wazi, unapoufunga kitufe kinaruka chenyewe. Vyangu viko hivyo.

#13 Mzee wa Patasi
Hapo uko sahihi, viko hivyo vilivyotengenezwa vizuri. Vya bei ya chini vingi havina hiyo kazi. Nacho kijaribu dukani: bonyeza kitufe, kisha sukuma ulimi kwa kidole gumba kana kwamba mlango unajifunga. Kitufe kikiruka, mpe hela.

#14 Mtwana wa Likoni
Hamjambo wa Bara. Huku kwetu nyumba nyingi za zamani zingali na kitasa cha funguo ndefu kama cha ndugu. Mie nilifungiwa nje na babu yangu, yeye ndani, ufunguo ndani umo tunduni. Ufunguo wa akiba tunao lakini hauingii, kwani wa ndani umeziba. Tukapenyeza gazeti chini ya mlango, tukausukuma ule ufunguo kwa penseli, ukaanguka juu ya gazeti, tukalivuta. Babu akatoka akatuuliza gazeti lake limeraruliwa na nani.

#15 Mzee wa Patasi
Bahati yenu ufunguo ulikuwa umekaa wima, sawa na tundu. Kwenye kitasa kile mtu akifunga na kuuacha ufunguo umelala upande, hausukumiki. Na uwe na upenyo chini ya mlango. Mafundi wa vigae siku hizi wanaweka kizingiti bafuni, gazeti halipiti.

#16 Maskati Kavu
Salaam alaykum. Niko Maskati miaka kumi na moja, nafanya matengenezo ya majumba. Huku bafuni tunaweka kitasa cha kuchimbia chenye hendo, na chini ya hendo kwa ndani kuna kijiti cha kuzungusha. Kwa nje pana duara dogo lenye mfereji wa sarafu, na kidirisha chekundu au cheupe, unajua yumo au hayumo bila kugonga. Mtu akizidiwa unaingiza sarafu kwenye mfereji, robo mzunguko, umefungua. Hakuna kipini cha kupotea. Mjukuu, mimi nakuja mwezi ujao, naweza kukubebea kimoja.

#17 Kamanda Nondo
Sarafu? Si kila mtu sasa atamfungulia mwenzake. Hiyo faragha ya wapi. Bora la kwangu.

#18 Dogo Tundu
Hapo nakubaliana na Kamanda kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Nyumba yenye vijana wa miaka tisa, sarafu ni mwaliko. Mpwa wangu alimfungulia mgeni, mgeni akaondoka jioni ile ile bila chai.

#19 Nesi wa Zamu
Nimesoma wote, niseme la wodini. Mnabishana tundu au sarafu, lakini mjukuu hajasema mlango unafungukia wapi. Mgonjwa akianguka bafuni dogo mara nyingi anaangukia kwenye mlango. Kitasa utafungua kwa sekunde mbili, halafu unasukuma na mlango haufunguki kwa sababu mgongo wa mama yako ndio umeuzuia. Ukisukuma kwa nguvu unamwumiza nyonga ile ile. Mlango wa bafuni la mgonjwa ufunguke kuja nje.

La pili, kama mna hita ya umeme ya kwenye bomba la mvua, hamjasema. Ukimkuta mtu amelala chini na maji yanatiririka, usimshike. Zima swichi kuu ya nyumba kwanza. Nimewapokea wawili kwa siku moja, aliyeanguka na aliyemfuata.

#20 Mjukuu wa Kimara
Nesi umenitoa jasho. Hita ipo. Na mlango unafunguka kuingia ndani. Bafuni ni dogo, kutoka mlangoni hadi bakuli la choo haifiki mita moja na nusu. Siku ile mguu wake ulikuwa umegusa mlango, tuliposukuma kipande kilichobaki alilia.

Nimepima leo. Mlango una unene wa milimita 40. Kile kitasa cha zamani kimechimbiwa, kutoka ukingo wa mlango hadi katikati ya tundu la hendo ni milimita 57. Fremu ya upande ule lazima ibadilishwe tu. Niweke cha mviringo?

#21 Mzee wa Patasi
Hapana, na nikueleze kwa nini. Cha mviringo kinataka tundu la milimita 54 kupita mlango mzima, kama upana wa kikombe kidogo cha kahawa, na katikati yake iwe milimita 60 kutoka ukingoni. Mahali hapo kwenye mlango wako pana shimo la kitasa cha zamani, mbao imebaki kama maganda mawili. Ukitoboa hapo msumeno unakosa pa kushika, na kirungu kitakaa kwenye maganda kikicheza. Wengi wanahamia juu au chini kidogo na kuziba la zamani kwa mbao na gundi, inafaa, ila mlango wa mninga unaonekana umetiwa kiraka.

Wewe una shimo tayari. Tafuta kitasa cha bafuni cha kuchimbia cha inchi tatu, kinaingia shimo lile lile. Kabla hujanunua pima kitu kimoja zaidi: kutoka katikati ya tundu la hendo hadi katikati ya tundu la ufunguo chini yake.

#22 Mjukuu wa Kimara
Nimepima mara mbili. 57 pia.

#23 Mzee wa Patasi
Basi kitasa cha bafuni cha Kiingereza kitakaa bila kutoboa tena, kijiti kitapita kwenye lile tundu la ufunguo la zamani baada ya kulipanua kidogo. Ndugu wa Maskati, usimbebee. Vya kwenu huko naamini ni vya Kijerumani, kati ya hendo na kijiti milimita 78.

#24 Maskati Kavu
Kweli, 78. Umeniokoa uzito wa begi.

#25 Bwana Fremu
Kuhusu mlango kufungukia ndani: si lazima kuugeuza. Kwa kuwa fremu ni mpya, usichonge ule mgongo unaozuia mlango. Piga ubao mwembamba kwa skrubu upande wa nje. Siku ya dharura unafungua skrubu nne, ubao unatoka, mlango unauvuta kuja nje.

#26 Mzee wa Patasi
Wazo ni zuri kwenye karatasi. Bawaba za kawaida zimekaa upande wa ndani, ukivuta mlango kuja nje unasogea vidole viwili kisha mbao inabana bawaba. Hiyo inataka bawaba za egemeo, za juu na chini ya mlango. Na nani atafungua skrubu nne huku mama ananyamaza?

#27 Bwana Fremu
Skrubu mbili basi.

#28 Nesi wa Zamu
Geuzeni mlango jamani.

#29 Mjukuu wa Kimara
Korido ina sentimita 95, mlango 70. Ukifunguka nje unakaribia ukuta wa pili, mtu akipita wakati bi mkubwa anatoka atapigwa pua. Lakini nimeona bora pua.

Mzee, nikigeuza mlango kitasa kinabadilika?

#30 Mzee wa Patasi
Kitasa kinabaki, ulimi unageuka. Ule mshazari wa ulimi lazima utazame upande mlango unakojifungia. Vitasa vingi vya kuchimbia unafungua skrubu ya mfuniko, au unauvuta ulimi nje kidogo, unauzungusha, unaurudisha. Usipogeuza mlango utagonga chuma na kurudi. Faida nyingine: ukifungukia nje bawaba nazo zinakuwa nje. Chagua zenye pini inayotoka. Kitasa kikikwama kabisa unagonga pini kwa msumari na nyundo, na mlango unaubandua upande wa bawaba.

#31 Tulia Kwanza
Swali la kijinga. Kwa nini msitumie ile ya kwenye sinema, kadi ya benki kwenye upenyo?

#32 Dogo Tundu
Kadi yenyewe haina hela, mlango utaiheshimu vipi?

#33 Mzee wa Patasi
Kadi inasukuma ulimi wa mshazari tu, tena mlango uwe unasukumwa kwenda ndani. Komeo au chuma cha kufungia cha kitasa cha bafuni hakina mshazari, kadi itakatika. Na mlango wa mjukuu ukishageuzwa mshazari utakuwa umekupa mgongo. Sahau kadi.

#34 Mjukuu wa Kimara
Mrejesho baada ya siku tisa.

Mlango umegeuzwa. Fundi wa mtaani amefunga kitasa cha bafuni, kijiti ndani, mfereji wa sarafu nje. Sarafu ya mia ni nene kwa mfereji huu, bisibisi ya testa inaingia vizuri. Siku ya kwanza nilijaribu mara kumi, safi. Jana nimejaribu tena bi mkubwa akiwa ndani amejifungia: bisibisi inazunguka, duara linazunguka, kidirisha kinabaki chekundu, chuma cha kufungia hakirudi. Yeye akizungusha kwa ndani kinafunguka bila shida. Nimekosea wapi?

#35 Maskati Kavu
Ni chuma cha mraba kinachopita katikati. Hicho kitasa cha Kiingereza kina tundu la mraba la milimita 5, vya kwetu ni 8. Fundi wako amechanganya, ameweka chuma chembamba kwenye tundu pana, kinazunguka bure. Huku naliona kila wiki.

#36 Mzee wa Patasi
Sheikh, kingekuwa chembamba hata cha ndani kisingeshika. Mimi nasema ni kifupi. Mlango ni milimita 40, chuma kinakuja kirefu, fundi amekikata ili kijiti cha ndani kikae vizuri, akakata mno. Kinaingia kwenye duara la nje kwa ncha tu. Siku ya kwanza kilishika, kikasogea kuelekea ndani, sasa hakigusi. Fungua duara la nje utazame: ncha ya chuma lazima ionekane imetokeza kwenye uso wa mlango, angalau milimita saba, nane.

#37 Mama Neema Wawili
Mimi si fundi, lakini jana Dar ilinyesha kutwa. Mbao imevimba. Chuma cha kufungia kinabana kwenye fremu, wa ndani ana kijiti cha kushika vizuri anakitoa kwa nguvu, wewe wa nje na bisibisi huna nguvu hiyo.

#38 Bwana Fremu
Nakubaliana na mama. Halafu skrubu za duara zikikazwa mno linabana nalo. Legeza robo mzunguko kwanza kabla hamjamfukuza fundi.

#39 Mzee wa Patasi
Mama Neema, kingekuwa kinabana bisibisi ingegoma, isingezunguka. Yeye anasema inazunguka. Inayogoma na inayozunguka bure ni magonjwa mawili.

#40 Mama Neema Wawili
Au inazunguka kwa sababu mraba wa bati umeshalegea kwa kulazimishwa siku ile ya mara kumi. Nanyi vitu vyenu vya boksi mnavijua.

#41 Mzee wa Patasi
Hilo nalo linawezekana. Duara la aloi laini linalika pembe. Namwachia mjukuu afungue.

#42 Mjukuu wa Kimara
Nimefungua jioni hii. Chuma kilikuwa kimetokeza milimita tatu tu upande wa nje, Mzee. Lakini pia pembe za tundu la duara zimelika, Mama Neema. Na fremu nimeona alama ya mng'ao chuma cha kufungia kinapokwaruza. Nimenunua chuma kirefu cha milimita 5, nimekata mwenyewe kwa msumeno, nimebadilisha duara, na fremu nimeipiga tupa kidogo. Nimefanya vyote siku moja kwa hiyo kesi haina hakimu. Sasa kinafunguka kwa sarafu ya hamsini, mara ishirini nimehesabu.

#43 Maskati Kavu
Milimita 5 nimeisema mimi, nihesabiwe.

#44 Dogo Tundu
Ulisema amechanganya na 8. Hujahesabiwa.

#45 Msomi wa Duka
Baada ya huu uzi nimekwenda kujaribu viwili vyangu. Kimoja kimefunguka. Cha pili ni cha chumba, kina ufunguo. Sijui ufunguo uko wapi. Nimeondoa kitasa.

#46 Nesi wa Zamu
Mjukuu, mwambie na mama ajue kwamba kinafunguka kwa nje. Wazee wengine wakigundua kwa bahati mbaya hawajifungii tena vizuri, au wanatafuta njia yao.

#47 Mjukuu wa Kimara
Umechelewa Nesi. Nilimwonyesha Jumamosi, nikafungua mbele yake kwa sarafu, nikidhani atafurahi. Akauliza, "Kwa hiyo na mkwe wangu ana hamsini?" Leo asubuhi nimekuta kafunga kipande cha kanga kutoka kwenye hendo ya ndani hadi kwenye bomba la maji, mafundo mawili.

#48 Mzee wa Patasi
Kanga mpya au kuukuu?

#49 Mjukuu wa Kimara
Mpya. Doti ya Idi.

#50 Nesi wa Zamu
Mlango ukivutwa nje upenyo unapatikana wa kisu kupita?

#51 Mjukuu wa Kimara
Unapatikana, vidole viwili. Nimetundika kisu cha mkate juu ya fremu pamoja na bisibisi. Hajakiona bado.